Stokingi za Mama wa Ziwani

Benchi la studio yangu pale Mbinga lilikuwa na msumari uliochomoza. Kila siku nilisema kesho nitaugonga. Siku ya sendoff ya mwalimu mmoja wa kike, sherehe ya kumuaga kabla ya kuolewa, msumari ule ulimchana stokingi kuanzia gotini hadi kwenye kifundo, hata picha ya kwanza sijapiga. Ukumbini watu walikuwa wanamsubiri, na binti akaanza kulia na kuharibu poda.

Mama yake, aliyekuwa ametoka Ziwani, kule chini ufukweni, asubuhi ile, alisimama upesi. Aliingia nyuma ya pazia langu la kubadilishia nguo, akatoka na stokingi zake mkononi, za rangi ya kahawa. "Vaa hizi, mwanangu. Mimi nani ataniangalia?" Binti akavaa. Nikawapiga picha: binti ameketi na sketi yake ya suti, mama amesimama kando yake, miguu mitupu ndani ya viatu vya wazi, amejaa furaha.

Hayo yote niliyaona kwa macho yangu. Sina pa kujifichia.

Siku tatu baadaye binti alirudi peke yake, kabla sijachapa nakala hata moja. "Dada, nasikia kompyuta yako inaweza kumvisha mtu nguo. Mvishe mama stokingi. Picha hii inakwenda kwa wakwe." Ningeweza kumkumbusha zilikokwenda stokingi za mama yake. Lakini wakati ule biashara ilikuwa imefunguliwa kwa kila mtu, studio zinaota kama uyoga, na mimi ndiye pekee mtaani niliyekuwa na kompyuta, ya mtumba lakini inafanya kazi. Nilitaka sana kuonyesha ujuzi. Nikasema, "Hilo dogo."

Halikuwa dogo. Mara ya kwanza nilipaka rangi moja miguu yote, ikatoka miguu ya sanamu ya dukani. Nikafuta. Nikachota rangi kwenye miguu ya binti, kwa kuwa mwanga ulikuwa uleule, nikaitandaza juu ya ngozi ya mama na kuipunguza nguvu hadi ngozi ikaonekana chini yake. Pembeni mwa mguu, pale nailoni inapozunguka kwenda nyuma, nikakoleza. Katikati ya goko nikaacha mng'ao. Kwenye kifundo nikaweka mikunjo midogo. Alikuwa na kovu la jembe, nikaliacha lionekane kwa mbali, maana nailoni nyepesi haifuti kovu.

Vidole ndivyo vilivyonitesa. Nilimchorea kwanza mguu mwembamba wenye ncha, kama wa kwenye katalogi, kiatu kikabaki kinapwaya. Ule haukuwa mguu wa mtu aliyepanda milima ya Umatengo na kukanyaga mchanga maisha yake yote. Nikarudisha upana wake, kidole gumba kilichotengana na wenzake, kisha nikaziba nafasi kati ya vidole kwa utando wa rangi na kuweka mshono mbele ya kucha. Ikakaa. Nilijipongeza kwa sauti, mjinga mimi. Nikahifadhi juu ya faili lilelile, picha ya kwanza ikapotea. Kadi ya kamera nilikwisha kuifuta.

Binti alifurahi, akachukua nakala zake. Mwezi ulipopita, mama yake akaja kutafuta ya kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe na mimi nimtazame binti yangu."

Akaishika karibu na dirisha. Akatabasamu, kisha tabasamu likakauka.

"Hizi stokingi ni zangu," akasema, akigusa miguu ya binti. Kidole kikahamia kwenye miguu yake. "Na hizi pia ni zangu. Nilikuwa na jozi moja tu." Akanitazama. "Nani kataka nivishwe?"

Macho yangu yakaenda kwa binti pale pichani. Nadhani alipata jibu, kwa sababu hakuuliza tena.

"Basi nitolee ile ya kwanza. Ile inayoonyesha nilimpa zangu."

Hapo ndipo nilipokosa kabisa. Ningesema ukweli: nimeifuta, mama, nisamehe. Badala yake nikasema mashine imeharibika, namsubiri fundi kutoka Songea. Aliniamini. Akanipa pole, mimi!

Alirudi mara ya pili, safari yote ile ya kupanda kutoka Ziwani. Nikasema fundi hajaja. Nilijaribu hata kufuta rangi niliyopaka, lakini chini yake hamkuwa na kitu tena. Miguu yake ya kweli haikuwamo popote.

Mara ya tatu alikuja na kifurushi cha usipa, dagaa wakavu wa ziwani, waliofungwa kwenye gazeti. "Mpe fundi," akasema, "umwambie mama mmoja anamwombea, asichoke." Nikapokea kwa mikono miwili, nikashukuru kwa niaba ya fundi.

Hakuna fundi aliyewahi kuja. Usipa wale niliwala mwenyewe.