Ndengu Bado Ziko Shambani

Nilikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya kibinafsi karibu na Muthetheni. Desemba moja, baada ya ibada, mimi na mwenye shule tulisimama nje ya kanisa na kipaza sauti tukitafuta wanafunzi wa Januari. Nilieleza karo, chakula na sare polepole, ili mzazi asije akashtukizwa baadaye.

Mama mmoja aliyemshika bintiye mkono akauliza, "Mwalimu, karo mnataka Januari. Ndengu zangu ziko shamba mpaka Februari. Sasa huyu akae nyumbani?"

"Mlete shule ikifunguliwa, mama. Ukivuna, leta ndengu jikoni tupime kwa bei ya soko, iwe karo."

Mwenye shule akanivuta mkono. "Nani amekubali hayo?"

Sikuzima kipaza sauti. "Tunapika ndengu kila wiki. Tunanunua kwa nani, kama si kwa hawa?"

Watu wakacheka. Akafoka, "Na mvua ikikosa?"

"Tutatafuta njia nyingine. Mtoto hatatolewa darasani."

"Jibu, bosi, tunasikia!" mzee mmoja akapaza sauti. Mwenye shule akautazama umati, kisha akaitikia kwa kichwa.

Februari nilishika mizani mwenyewe. Binti alikuwa darasani tangu siku ya kwanza.