Alama Nyekundu za Marehemu Mke Wangu

Asubuhi ya mwisho tuliyokaa pamoja kama kawaida, mke wangu alimaliza chai yake, akanipa simu nimpimie muda wa mazoezi ya hotuba. Alikuwa katibu wa wauzaji wa sokoni. Halmashauri ilitaka kuvunja vibanda vyao, ikawapa dakika kumi na tano wajitetee. Zikiisha, kipaza sauti kinazimwa.

Wasemaji watatu walikuja kwetu kufanya mazoezi. Kila karatasi ya hotuba mke wangu alikuwa ameitia alama nyekundu: ukifika hapa, saa isome dakika mbili, hapa, nne. Ukiona umechelewa, ruka maneno yaliyozungushiwa duara. Ombi lenyewe liliwekwa mwisho, kwa muuza samaki, msemaji wa tatu.

Mwenyekiti wa wauzaji, msemaji wa kwanza, ni kaka yangu. Alifika alama ya kwanza dakika ya tano, bado anasimulia baba yetu alivyofyeka kiwanja cha soko.

"Muda, shemeji. Hayo yamo kwenye duara, yaruke."

"Nimruke baba yangu? Wewe wa kuolewa tu ndiye wa kunikata kauli?"

"Wa kuolewa ndiye aliyekuandikia hiyo hotuba. Anza upya."

Kaka akaitupa karatasi sakafuni, akaondoka.

Jioni ile mke wangu alianguka jikoni, hakuamka tena. Kwenye kikao cha halmashauri kaka hakuruka neno. Kipaza sauti kilizimwa muuza samaki akiwa hajafika kwenye ombi, na vibanda vikavunjwa. Sisemi na kaka mpaka leo.

Asubuhi ile, kaka akiwa mlangoni, mke wangu alikuwa amemwambia, akimwokotea ile karatasi: "Shemeji, hizo dakika unazokula ni vibanda vya watu."