Pesa Zilizokaa Ndani ya Mabeseni

Mume wangu alipenda duka lake liwe limejaa. Sisemi wateja, ingawa nao aliwafurahia. Nasema mali. Duka lenyewe lilikuwa Nakivubo, jembamba kama korido, na lilikuwa la vyombo: sufuria, sahani, mabeseni, ndoo, chupa za chai. Ukiingia, ilibidi ugeuke ubavu ili upite. Mabeseni yalipangwa moja ndani ya jingine hadi yakagusa dari, na mengine yalining'inia kwa kamba juu ya vichwa vya wateja. Asubuhi, kabla hajafungua, alikuwa akiyapigapiga kwa vidole huku akitembea, kama mtu anayesalimia watoto.

Mimi ni mtu wa Kenya. Nilikuja Kampala miaka michache baada ya vita kwisha, nikapata kazi katika ofisi ya kiwanda cha plastiki kule chini ya Bugolobi. Yeye alikuwa mtoto wa askari kutoka kaskazini, aliyekulia kambini, na Kiswahili chake kilikuwa hicho cha kambini, kisichojali sana kama kitu ni "hii" au "hili". Tulijuana kiwandani, siku aliyokuja kununua ndoo. Nilipomwandikia risiti alinisahihisha hesabu, na kumbe yeye ndiye aliyekosea. Alirudi kesho yake kuomba radhi, na kesho kutwa akarudi bila sababu.

Tulioana, tukapanga nyumba Mbuya karibu na mama yake. Nikaendelea na kazi yangu, ambayo ilikuwa ni kuyapigia simu maduka yaliyochukua mali kwa deni na kuyakumbusha kulipa. Karibu kila duka kubwa mjini lilikuwa linachukua leo na kulipa baada ya mwezi. Nyumbani kwangu, mume wangu hakutaka hata kusikia.

"Mimi hapana taka deni," alikuwa akisema. "Nalipa papo hapo. Hakuna mtu anaweza kuja hapa kupiga kelele."

Na kweli, hakuna aliyekuja. Mali yake aliinunua kwa mama mmoja muuzaji wa jumla, mitaa miwili kutoka dukani, ambaye sote tulimwita Nnyabo tu, kwa heshima. Alikuwa akinunua mara moja kila baada ya miezi mitatu, gari zima, na kumhesabia Nnyabo noti zote siku hiyo hiyo.

Kisha mwenye jengo akatuletea habari. Alikuwa anataka kulitengeneza jengo lote, kuweka paa jipya na sakafu. Atakayetaka kubaki alipe kodi ya mwaka mzima kwanza, na atakayeshindwa atoke. Alitupa miezi miwili.

Mume wangu alikuja nyumbani akakaa bila kuvua viatu. Duka lilikuwa linauza vizuri, faida ilikuwepo, lakini kwenye kisanduku cha pesa hapakuwa na hata robo ya kodi hiyo.

"Nitaenda kwa mkopeshaji," alisema. "Yeye nataka tu karatasi ya shamba ya mama."

"Karatasi ya mama yako haitoki nyumbani kwake," nikamwambia.

"Basi mimi natoa wapi pesa?"

"Pesa unazo. Ziko dukani."

Aliniangalia kama mtu aliyetaniwa siku mbaya.

Jumamosi, ambayo kwangu haikuwa siku ya kazi, nilikwenda naye dukani. Nilipanda ngazi nikateremsha beseni moja la kijani kutoka juu kabisa. Vumbi lake lilinichafua mikono.

"Hili tulilinunua lini, Mzee?"

"Kabla ya Pasaka."

"Ukamlipa Nnyabo lini?"

"Siku ile ile. Unajua."

"Na bado lipo. Tangu Pasaka pesa yako imekaa juu ya ngazi. Likinunuliwa leo, basi limekufungia pesa miezi mitatu na ushee. Na ile shule ya Mbuya inayochukua sahani na kulipa mwezi unaofuata, sahani zao zinakufungia miezi minne." Nikampa beseni. "Sasa yahesabu yote yaliyo humu."

Hakuhesabu. Alilishika tu, akalifuta vumbi kwa kiganja.

Nikamweleza kile nilichokuwa nikikiona ofisini kila siku kutoka upande wa pili wa simu. Pesa ya duka inatoka mlangoni siku unayomlipa muuzaji wa jumla, na inarudi siku mteja wa mwisho anapolipa. Muda wote ulio katikati unaugharamia wewe, kutoka mfukoni mwako. Mali ikikaa wiki sita badala ya miezi mitatu, muda unafupika. Nnyabo akikungojea mwezi mmoja, unafupika tena, kwa sababu mwezi huo mali inauzwa wakati pesa ya kuilipia haijatoka kwako. Zile wiki zinazopungua ndizo pesa ya mwenye jengo.

"Kwa hiyo unataka duka tupu," alisema.

"Nataka duka lenye nafasi."

"Wewe hukuwa hapa wakati ya shida." Alisema hivyo taratibu, bila hasira. "Mimi nilikuwa hapa. Nilienda duka na pesa mkononi, na kwa duka hakuna kitu. Hakuna sabuni, hakuna sukari, hakuna hata sufuria. Mwenye duka amekaa tu ndani, anaangalia mlango. Mimi naogopa hiyo duka, Mama."

Miaka yote ile nilidhani ni majivuno. Nilisimama pale katikati ya ndoo, nikamwondolea tu utando wa buibui begani. Baadaye nikamwambia kwamba siku hizi ghala la Nnyabo liko mitaa miwili tu kutoka kwetu, na limejaa kila siku. Atakachopungukiwa Jumatatu atakipata Jumanne. Nnyabo alikuwa anaweza kututunzia akiba yetu, kwa gharama yake.

Alifikiri. "Hiyo," akasema, "iko na akili kidogo."

Kwa Nnyabo tulikwenda wote wawili. Alikuwa mwanamke mnene, aliyevaa gauni la Kiganda, gomesi ya zambarau, amekaa kwenye kiti kilichofungwa bado kwa nailoni ya kiwandani. Nilipomwambia tunaomba mwezi mmoja wa kulipa, alimgeukia mume wangu, si mimi.

"Ssebo, bwana, uko na shida gani? Miaka yote unaripa papo hapo. Mtu kama wewe akianza kuomba siku, mimi najua duka inakufa."

Mume wangu akainamisha kichwa. Nilijua inamuuma kuliko kung'olewa jino. Ofisini nami niliwahi kusema maneno yayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo, juu ya maduka mengine. Kwa hiyo sikuona vibaya kwamba ameuliza. Nikamweleza habari ya mwenye jengo na kodi, bila kuficha chochote. Nikamwambia hatuombi gari zima kwa deni. Tutakuwa tunachukua mali ya wiki moja kwa wakati, na kila mzigo tutaulipa mwezi wake ukitimia. Kama tutachelewa mara moja, atufungie.

"Kidogo kidogo," alisema Nnyabo, akipima.

"Kidogo kidogo, lakini kila wiki."

"Na ile pesa nilikuwa napunguza kwa sababu unaripa taslimu? Hiyo sipunguzi tena."

Hilo nilikuwa nimelipigia hesabu. Punguzo hilo lilikuwa zuri, na kulipoteza kulitugharimu kweli, kila mzigo. Lakini riba ya mkopeshaji ilikuwa kubwa kuliko punguzo hilo mara kadhaa, na mkopeshaji alitaka shamba la mama mkwe wangu juu yake. Nikakubali. Nnyabo akampa mume wangu mkono, akaushikilia kidogo, akamwambia kwa Kiluganda kwamba mke wake ni mtu wa kuogopwa. Mume wangu alicheka kwa mara ya kwanza wiki ile.

Miezi miwili iliyofuata hatukununua beseni hata moja. Tuliuza yaliyokuwepo. Yale ya kijani, ambayo watu hawakuyapenda, tukayauza kwa bei ile ile tuliyonunulia. Tulileta tu vile vilivyotoka haraka: ndoo na sufuria ndogo, kwa deni la Nnyabo. Shule ya Mbuya tuliiomba ilipe baada ya wiki mbili, na mhasibu wao akakubali baada ya kulalamika sana.

Tuliteleza pia. Wiki moja chupa za chai zilikwisha Ijumaa mchana. Akaingia mwanamke anayetayarisha sherehe ya binti yake kumtambulisha mchumba nyumbani, akitaka chupa nane. Mume wangu alikimbia kwa Nnyabo, aliporudi ameloa jasho akakuta mwanamke ameshanunua katika duka la jirani. Siku hiyo hakunisemesha hadi tulipokula. Alikuwa na haki. Tangu hapo vyombo vya sherehe tuliviwekea akiba zaidi kuliko vingine.

Lakini dari ilianza kuonekana. Na kisanduku kikajaa, tukakibadilisha, tukachukua kikubwa. Kabla ya siku ya mwenye jengo, mume wangu alimhesabia kodi ya mwaka mzima mbele ya wapangaji wenzake, na karatasi ya mama yake ikabaki sandukuni mwake Mbuya.

Baada ya kulipa, pesa kidogo zilibaki. Akaanza kuzungumza juu ya pikipiki.

"Hiyo si faida, Mzee," nikamwambia. "Ni pesa yako ya zamani iliyotoka kwenye mabeseni, na nyingine ni ya Nnyabo ambayo siku yake ya kulipwa bado haijafika. Na imetoka mara moja tu. Mwezi ujao hakuna rundo jingine litakalotoka, kwa sababu mabeseni ya kuuza bila kuyarudishia yamekwisha. Tukizila, Nnyabo tutamlipa na nini?"

Alinuna siku mbili, kisha akaacha habari ya pikipiki.

Kilichomshinda kilikuwa kingine. Alianza kuamka kabla ya alfajiri na kukaa ukingoni mwa kitanda. Ndoo alizochukua zilikuwa zimekwisha kuuzwa zote, pesa iko mkononi, na siku ya kumlipa Nnyabo ilikuwa bado. Mfanyabiashara mwingine angeshangilia. Yeye alijisikia kama ameiba. Mchana mmoja nilitoka kiwandani mapema, nikapita dukani nikakuta jirani amekaa kwenye kiti cha mume wangu. "Ameenda kulipa," akaniambia. Nilimkuta kwa Nnyabo, bahasha mezani, Nnyabo anacheka hadi machozi yanamtoka.

"Siku bado kumi!" Nnyabo aliniambia. "Mimi namwambia arudi nayo, yeye anakataa!"

Njiani nilimgombeza. Nilimwambia siku hizo kumi nilizipigania. Alinisikiliza, akanibebea mkoba wangu, tukavuka barabara, na upande wa pili akasema, "Leo nitalala."

Akalala kweli, tena kwa mkoromo. Mwishowe tulipatana kwamba atalipa siku tano kabla, kila mara, wala asinidanganye. Nilirudia hesabu nikaona duka linaweza kumudu. Nnyabo alimzoea hivyo, na mwaka uliofuata, bila sisi kuomba, alianza tena kumpunguzia bei kidogo.