Kitabu cha Baba Mkwe Tulichokisomea Jikoni

Nakumbuka siku moja kule Kisegi, miaka michache baada ya uhuru. Jikoni tulikuwa watatu: mama mkwe wangu Dorsila, shemeji yangu Okeyo, na mimi niliyeolewa hapo kutoka Kegonga, wakaniita Nyar Kegonga, yaani binti wa Kegonga. Baba mkwe, mzee Ogola, alikuwa nje kwenye kiti chake. Ugonjwa ulikuwa umemaliza macho yake, na tangu hapo hakuwa amevuka lango la boma.

Okeyo alirudi kutoka kliniki ya Homa Bay na kijitabu cha Kiswahili cha kumfaa aliyepoteza macho na jamaa zake. Yeye ni mvuvi, hakusoma. Mimi nilifika darasa la tatu. Basi nikasoma polepole, kwa sauti ya chini, mzee asisikie akaumia.

"Msihamishe vitu bila kumwambia. Mlango uwe wazi kabisa au ufungwe kabisa. Akiulizwa neno, msimjibie..."

"Nani huyo asijibiwe?" Baba akauliza kutoka nje.

Nikakifunga kijitabu haraka.

"Macho ndiyo yamekwenda, masikio ninayo. Kitabu changu mnakila jikoni kama samaki wa wizi?"

"Tulikuhurumia," Mama akasema.

"Huruma yenu ndiyo imenikalisha hapa. Nyar Kegonga, njoo usome tangu mwanzo."

Mwanangu unayenisikiliza, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nikatoka, nikasoma. Nikafika panaposema asivutwe mkono. Yeye ndiye amshike mwongozaji juu kidogo ya kiwiko, amfuate nusu hatua nyuma. Hapo nikakwama. Mchana nilibaki naye mimi, na kwetu mkaza mwana hagusani na baba mkwe.

"Umemeza ulimi?"

"Kinasema unishike mkono, Baba."

Mama akafunika uso kwa leso. Mzee akacheka, na hatukuwa tumemsikia akicheka tangu augue.

"Aliyekiandika hana mkwe. Geuza ukurasa."

Ukurasa ule ulikuwa wa fimbo: ndefu, nyepesi, ifike kifuani, ili ione shimo kabla ya mguu. Okeyo akaikata. Mimi nikawa nasoma, Baba akitembea: mguu wa kulia ukitangulia, ncha iguse kushoto, pale mguu wa kushoto utakapokanyaga. Mwanzoni aliizungusha kama anayefukuza ng'ombe, akanivunjia chungu. "Ungeniambia kiko hapo," akasema, na ni kweli. Mwenda pole hajikwai. Kabla mahindi hayajakomaa, Baba alikuwa akishuka ziwani peke yake kununua samaki na kugombana na wauzaji.

Namshukuru Mungu kwa kijitabu kile, na kwa mzee aliyetukemea. Akipotewa mtu wako na macho, au mguu, tafuta kitabu kinachofundisha jambo hilo, lakini mkisome pamoja naye. Kisipolingana na mila zenu, mwulizeni yeye, mtapata njia. Mungu akulindie viungo vyako vyote, na kikikosekana kimoja, akupe watu wa kukusomea kwa sauti.

Kama nimekosea mahali, ninyi wa Kisegi mnaokumbuka, nisahihisheni.