Breki ya Msiba Pale Kagoma

Nitawasimulia, lakini mkianza kucheka kabla sijafika katikati naondoka zangu. Kuna watu kule Kagoma ambao mpaka leo wakiniona wananipigia kengele kwa mdomo, "kring, kring!", hata nikiwa na wanangu, na mimi nanyamaza tu kwa sababu hawanionei.

Ilikuwa miaka ile ya ugonjwa, vita vya Amini vimekwisha lakini madhara yake bado tunayo, na bodaboda zetu Bukoba zilikuwa baiskeli tupu, zenye kiti cha sponji nyuma (pikipiki hizi za leo zilikuwa bado sana). Mimi nilikuwa nimepanga chumba Kashai, nina kabendi kangu kadogo, na nilikuwa namtaka Kokubelwa, binti wa Mzee Rwegasira wa Kagoma, kule Muleba. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu, Mkatoliki wa benchi la mbele, amezika wana wawili, na katika hesabu zake mpiga muziki wa baa na ugonjwa ule ni kitu kimoja. Akanitaka nikapime damu kwanza. Nikapima, nikampelekea majibu, salama kabisa, akasoma mbele, akageuza akasoma nyuma pasipoandikwa kitu, akasema, "Vizuri. Sasa tutaangalia tabia."

Basi parokia ikaandaa siku ya kuhamasisha watu juu ya ugonjwa. (Tulihamasishwa kweli miaka ile, kila mradi na Landrova yake na fulana zake, tukahamasika mpaka tukachoka, na majeneza hayakupungua.) Mzee Rwegasira ndiye aliyepewa kuongoza shughuli, na Koku akaniambia, "Njoo upige pale, Tata, baba yangu, akuone mchana kweupe, mbele ya padri. Ila upige wimbo wa heshima, waitu, nakuomba."

Wimbo nilikuwa nao. Ulikuwa wa bodaboda anayempeleka abiria sokoni Bukoba, na naomba mnisikilize vizuri hapa, maana wimbo huu ndio ulioniua. Gitaa la besi lilikuwa miguu ya dereva, linakanyaga moja-mbili, moja-mbili, bila kupumzika. Gitaa la kwanza lilikuwa usukani, linachepuka juu na chini kila baiskeli inapopenya kati ya lori la ndizi na Landrova ya mradi, na waitikiaji nimewatenga, huyu huku anaitikia "kushoto!", yule kule "kulia!", hata wewe uliyekaa kwenye kiti unajikuta unayumba. Nikipaza sauti "Breki!" wote wanakata palepale, hata neno likiwa nusu mdomoni. Kimya, mapigo manne, kisha napiga kengele halisi ya baiskeli niliyoifunga kwenye stendi ya maikrofoni. Kengele moja, wanaendelea pale walipokatia. Kengele mbili ni kuomba njia, mwendo unaongezeka. Hakuna mwanamuziki aliyetakiwa kuhesabu wala kuangalia chochote, kazi yao ilikuwa kusikiliza breki na kengele tu, na Sadoki, mpiga ngoma wangu, alikuwa akipiga amefumba macho.

Breki zilikuwa tatu: ya mbuzi anayekatiza, ya lori linalorudi nyuma, na ya mwisho ya msafara wa msiba. Hii ya msiba kila dereva wa Bukoba aliijua, jeneza likipita unashuka, unavua kofia, gari la mwisho likipita unapanda na kukanyaga, maana abiria wako bado ana safari yake.

Asubuhi ile, tukiwa njiani, nikapata wazo. (Sisi Wahaya wazo likitujia huwa hatulikagui, tunalisifu kwanza.) Nikasema breki ya msiba tuirefushe, tuiname wote, kimya kirefu, watu waguswe, ndipo kengele. Sadoki akasema, "Kimya kirefu hivyo watadhani jenereta limezimika." Nikamwambia yeye apige ngoma, sanaa aniachie mimi.

Nisichokijua ni kwamba Mzee Rwegasira, kwa furaha ya kumkaribisha mgeni rasmi, alikuwa amesahau dakika ya kuwakumbuka marehemu, ambayo siku hizo hakuna mkutano uliokosa. Wakati sisi tuko kwenye breki ya lori, padri ndiyo kwanza anamnong'oneza kumkumbusha.

Tukafika. "Breki! Msiba huo unapita!" Tukakata, tukainama, nikafumba macho.

Mzee akaona vijana wamekumbuka alichosahau yeye. Akavua kofia, akainuka, na uwanja mzima ukainuka naye. Mimi nikasikia viti vinasogezwa, nikajisemea, wananiinukia! Nikaongeza kimya. Nikasikia kwikwi za akina mama, nikajisemea, sanaa imeingia. Nikaongeza tena. Yaani mimi, mtu mzima, nimesimama pale najisikia mkubwa juu ya machozi ya watu wanaolilia watoto wao.

Ndipo nikapiga kengele.

Sasa Mkatoliki aliyeinama kimya akisikia kengele, kama ile ya kwenye misa, anafanya nini? Akina mama wa safu ya mbele wakapiga magoti, mmoja na rozari yake mkononi, na walio nyuma yao, kwa kutotaka kuonekana wapagani, nao wakashuka. Sadoki, macho yamefumbwa, akaipasua ngoma. Waitikiaji wangu wakaendelea palepale tulipokatia, kwa sauti zao zote:

"Kanyaga, kanyaga! Abiria shika kiuno! Shika kiuno, usiogope!"

Nikafumbua macho. Yesu waitu! Uwanja mzima uko magotini, padri ameduwaa na mkono kifuani, Mzee Rwegasira peke yake amesimama na kofia mkononi, machozi yanamtiririka, ananitazama. Nikataka kuwanyamazisha wenzangu, na kwa kuchanganyikiwa mkono ukaenda kwenye kengele, nikaipiga mara mbili. Wakaongeza mwendo. Nikaipiga ovyo, kring-kring-kring-kring, wakakimbia kama wanafukuzwa, "kushoto! kulia! shika kiuno!", mgeni rasmi akaanza kutikisa kichwa kufuata mdundo, akajishtukia, akaacha. Neno moja tu lingewazuia, na mimi nimeng'ang'ania kengele. Lilipotoka, lilitoka kama mlio wa mbuzi:

"Breki!"

Kimya. Hakuna aliyejua ainuke au abaki magotini. Bibi mmoja akauliza kwa upole kabisa, "Baba paroko, tumeshabarikiwa?"

Mzee Rwegasira akaja mpaka jukwaani, taratibu. Akasema bila kupaza sauti, lakini maikrofoni ilikuwa hai na Kagoma nzima ikasikia: "Kijana, majibu ya damu yako niliyasoma, ni mazuri. Tulisahau kukupima kichwa."

Uwanja ukacheka, wakiwa bado magotini, akina mama na machozi yao wakacheka. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia, "Nisamehe, Tata." Akajibu, "Mimi bado si Tata wako." Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Koku nilimwoa, ila baada ya kusubiri sana, na kwa sharti moja: siku ya harusi nisiguse chombo chochote cha muziki. Mzee alikodi tarumbeta kutoka Muleba mjini. Nyimbo zilipokwisha, kabla padri hajaanza sala, pakawa na ukimya kidogo, wa kawaida tu, na wageni wote wakageuka kuitazama mikono yangu. Mzee naye akaitazama, kisha akaishika yote miwili, akaibana kwapani mwake mpaka "Amina".

Tangu siku hiyo natunga nyimbo zinazoanza na kwenda moja kwa moja mpaka mwisho. Anayetaka kunyamaza, akanyamaze kwake.