Saa Sita na Dakika Kumi

Mwanvua anauza taa za sola hapa Magomeni, Kilosa, na mimi Doris nashona nguo mlango wa pili. Watu husema ana roho ngumu. Uongo mtupu! Mwaka jana nilimwona analia kwa sababu ya taa.

Ilikuwa hivi. Alirekodi video fupi ya taa, chini yake akanakili maneno ya boksi: "Inawaka saa 24, waranti ipo." Joha wa Msowero, katibu wa kikundi cha akina mama, akaiamini, akawachukulia wenzake taa kumi. Zikawa zinazima kabla ya alfajiri. Wakamwita Joha mwongo mbele ya kikao. Mwanvua aliposikia, jamani, alijifungia stoo.

Mwaka huu Joha akapiga simu. Kikundi kinataka taa tena, kikao ni Jumamosi saa tisa alasiri.

"Weka video, mdogo wangu, nikawaonyeshe. Ila ukiniletea maneno ya boksi, namba yangu uifute."

Mimi nikamshauri kijanja, "Andika inawaka saa kumi na nane, nani atahesabu?"

"Wewe Doris kashone vitambaa vyako huko," akanijibu. "Mwanga mdogo nimeshaupima. Mkubwa nitauwasha mpaka uzime wenyewe."

Akaianika paneli juani siku nzima ya Jumatano. Alhamisi saa moja asubuhi akaiwasha taa kwa mwanga mkubwa, ndani ya stoo yenye giza, saa ya ukutani ikionekana pembeni. Kila baada ya saa moja anaingia, anarekodi sekunde chache, anatoka.

Saa tano, taa ikazima. Imewaka saa nne tu! Mwanvua akakaa juu ya kreti la soda, macho yamemtoka.

"Basi hata taa zenyewe mbovu," akasema. "Nitamwambia nini Joha?"

Hapo nikaona aibu mpaka kwenye vidole vya miguu. Maana umeme ulikatika asubuhi ile, na simu yangu ilikuwa na asilimia kumi, na taa ile ina tundu la kuchajia simu. Mwenzenu nilinyata nikaichomeka nyuma ya taa, nikaificha chini ya gunia. Nilikuwa nimeichomoa muda si mrefu ikiwa na thelathini na tano.

"Mwanvua, usinipige," nikasema.

Hakunipiga. Alinitukana, kisha akaanza kucheka, kisha akanitukana tena kwa utulivu zaidi. Ijumaa akaianika upya. Jumamosi saa moja asubuhi akaiwasha, akafunga stoo kwa kufuli, ufunguo akautia kwenye sidiria. Taa ikazima saa saba na dakika kumi mchana.

Akaandika palepale chini ya video mpya, mimi nachungulia begani:

"Taa hii nimeipima mwenyewe, ikiwa mpya, imechajiwa siku nzima ya jua kali. Mwanga mkubwa: saa 6 na dakika 10. Mwanga mdogo kabisa: saa 20, niliupima wiki iliyopita. Siku ya mawingu haijai, itawaka pungufu. Ukichaji simu inapungua: jirani yangu Doris aliiba chaji kidogo tu, ikazima baada ya saa 4. Betri huchoka kadiri miaka inavyokwenda. Waranti ni mwaka mmoja, betri miezi sita. Njoo na risiti yenye jina lako na namba ya taa. Ikiingia maji au ukiifungua mwenyewe, waranti hakuna."

"Toa jina langu!" nikapiga kelele.

"Sitoi. Ndiyo sehemu ya kweli kuliko zote."

Akaituma. Kuanzia hapo hakula wala hakukaa. Alipanga maboksi, akayapangua, akayapanga. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Mimi nilishona suruali nikasahau mfuko, kwa hofu tu. Kama asingepata oda ile ingekuwa kwa sababu amesema kweli, na sijui kama angethubutu kuisema tena.

Saa kumi na nusu simu ikaita. Akaiweka sauti kubwa.

"Shikamoo dada Joha."

"Marahaba. Nimewasomea mara tatu. Wamecheka sana."

Mwanvua akafumba macho.

"Safari hii hawakunicheka mimi, wamemcheka huyo Doris. Kila mmoja anasema angechomeka simu vilevile. Wamekubaliana: simu zitachajiwa mchana juani, jioni ni taa tu. Tunataka thelathini."

Nikamsukuma Mwanvua kwa bega.

"Ah... asante dada. Risiti niandike jina la kikundi?"

"Hapana, si umesema risiti iwe na jina la mwenyewe? Nakutumia majina yote," Joha akasema. "Ila ya kwanza andika langu. Mwaka jana, baada ya kile kikao, sikuthubutu hata kujinunulia."