Salamu ya Kichwa Aliyopewa Feza

Nimechoka kuwasikia watu wa hapa Kabambare wakisema kwamba Feza alikuwa mwanamke wa kiburi, kwamba alipita njiani bila kumwambia mtu yambo. Wanaosema hivyo wengi wao hawakumjua. Mimi Waridi nilikaa naye ukuta kwa ukuta tangu aliporudi kutoka Kasongo, nikimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu alinizidi umri, na nasema hapakuwa na mtu aliyesalimia vizuri kumshinda. Kilichomfunga mdomo nitakieleza mara hii moja, kisha mniache nipumzike.

Feza alizaliwa kwa Wabangubangu, upande wa Lusangi. Watu wa misafara walimchukua akiwa msichana mdogo, wakampeleka Kasongo, akakulia katika nyumba ya Waungwana, watu wa desturi za pwani. Huko alifundishwa kusali, kupika wali na kusuka mikeka, akaolewa, akafiwa na mume kwa ndui. Alirudi kwetu na kitu kimoja tu cha maana, mwanawe Amuri. Alilima mpunga mpaka mgongo ukakataa kunyooka, na kila alichokuwa nacho alikimimina katika kumlea mtoto yule awe na adabu.

Na adabu yenyewe ilikuwa ya pande mbili. Kwa Wabangubangu, kijana akikutana na mkubwa huchuchumaa, hupiga makofi polepole, macho yake huyaweka chini mpaka aulizwe neno. Akiyainua na kumkazia mkubwa, ametafuta ugomvi. Kwa Waungwana wa Kasongo, mkono huwekwa kifuani, kichwa huinama kidogo, na mwanamke hashindani macho na mwanamume asiye wake. Lakini pande zote mbili salamu ina mdomo. Umeamkaje, nyumbani wako wazima, shamba linasemaje. Huwezi kumpita mtu kama mbuzi anavyompita mbuzi.

Salamu isiyo na neno ilikuwa na mahali pake. Anayesali hutamsemesha. Mwenye tonge mdomoni atakuinamishia kichwa, nawe utamwelewa. Marafiki wa rika moja wakionana mbali, ng'ambo ya shamba, huinuliana kidevu, basi. Na tena kuna nyumba ya msiba. Pale unaingia, macho yako yanakutana na ya mfiwa mara moja, unainamisha kichwa, unakaa kimya. Humuulizi habari, maana habari yake unaijua.

Vita vikapita, Wazungu wakachukua Kasongo, halafu wakaja kwetu wakajenga boma. Feza akawa anapeleka mchele pale kuuza. Siku ya kwanza alirudi mbio, kapu bado limejaa, akaketi kizingitini kwangu akihema. Ilinibidi nimvute maneno. Akasema Mzungu mkubwa wa boma alisimama mbele yake, akamtazama machoni sawasawa, akashusha kichwa akakiinua, akamwonyesha meno, kisha akaondoka bila kusema kitu.

Tulijua maana yake, au tulidhani tunajua. Kwetu mwanamume akimkazia macho mjane na kutabasamu, amekwisha sema anachotaka, na mjane akirudisha tabasamu amekwisha jibu. Feza alilia. Alisema amezeeka, miguu imepasuka, na bado hata Mzungu hamwachi apumzike.

Kesho yake nilimsindikiza, nimejifunga kiuno kwa ugomvi. Tukakaa karibu na lango tukamtazama yule bwana. Akamwangalia mpishi wake, kichwa chini juu, meno. Akamwangalia Ramazani, mkalimani, vilevile. Akaja Mzungu mwenziwe kutoka njia ya Kasongo, vilevile, na yule naye akarudisha. Akampita mzee mmoja mwenye vidonda mguuni, akampa tabasamu lile lile alilompa Feza. Sijapata kuona meno yakigawiwa ovyo namna ile. Feza akaanza kucheka, nami nikacheka mpaka mbavu zikauma.

"Ni yambo yake tu, Waridi," alisema. "Hana ingine."

Lakini Feza hakuishia kucheka. Kila alipopeleka mchele alizidi kumchunguza, akaona jambo ambalo mimi sikuliona. Mzungu alikuwa anangojea kurudishiwa. Aliyemtazama na kumwinamishia kichwa alimpita kwa amani. Aliyeshusha macho kwa heshima, Mzungu alimgeukia tena, uso umekunjamana, kama anayetafuta kilichofichwa nyuma ya mgongo. Heshima yetu yeye aliisoma kuwa hila. Feza alinieleza haya huku akipepeta mchele, nami nikamjibu kwamba hayo ni mashaka ya Mzungu mwenyewe, hayatuhusu.

Yakatuhusu. Amuri alikwenda Kasongo na wapagazi wa boma, na waliporudi mzigo mmoja wa vitambaa vya merikani ulikosekana. Umepotelea wapi mpaka leo hakuna ajuaye. Njia ile ina mito na matope, na wapagazi walikuwa wamechoka kama sisi sote. Mzungu aliwapanga mstari, akawauliza mmoja mmoja, Ramazani akifasiri. Wale waliokwisha kuwatumikia Wazungu waliinua macho wakajibu. Amuri alijibu kwamba hakuchukua, lakini alijibu ardhini, kama mama yake alivyomlea. Akaambiwa aangalie juu. Akazidi kuinama. Akapigiwa kelele, na hapo kijana akatabasamu.

Kila mama wa hapa analijua tabasamu lile. Mtoto akigombezwa na mkubwa hulitoa kwa aibu, maana yake ni kwamba sishindani nawe, nionee huruma. Mzungu aliona mwizi anayemcheka usoni. Amuri akapigwa, akatiwa mnyororo shingoni, ikasemwa kwamba msafara wa kwanza utakaokwenda Kasongo utampeleka. Na waliopelekwa na mnyororo hatukuwaona wakirudi.

Feza alimwendea Ramazani, akamsihi amweleze bwana wake kwamba macho ya chini ni adabu na tabasamu lile si dharau. Ramazani alikataa. Alisema ameajiriwa kufasiri maneno, na anayeongeza lake juu ya maneno ya watu huchapwa. Alisema kweli, nami nilimchukia kwa kweli hiyo.

Wafungwa walipelekewa chakula na watu wao. Basi Feza akapika, tukaenda naye, soda wa zamu, yaani askari, akatuacha tukae karibu na mnyororo. Feza hakungoja hata mwana ale.

"Amuri, baba, inua macho. Uniangalie mimi."

Kijana hakuweza. Shingo ilikuwa imechubuka, midomo imepasuka, lakini lililomshinda lilikuwa kumtazama mama yake. Aliinua macho yakafika kidevuni pake, yakaanguka.

"Mama, siwezi. Weye iko mukubwa wangu."

"Utaweza. Ukinishinda mimi, yule atakuwa mwepesi."

Akamfundisha kama mtu anavyomfundisha mwingine kazi ya mikono. Kama macho yanakushinda, tazama hapa katikati ya nyusi, yeye hataona tofauti. Usikaze kama unayetaka kupigana. Jibu, peleka macho pembeni kidogo, kisha uyarudishe. Kidevu kisipande, kisishuke. Akikusalimu kwa kichwa, rudisha mara moja, na tabasamu dogo juu yake. Lakini akikuuliza habari ya mzigo usitabasamu kabisa, hata ukiona aibu namna gani. Aibu yako yeye haisomi. Wakarudia siku hiyo na siku zilizofuata, mama na mwana wakitazamana machoni, na Feza jasho likimtoka kama anayetwanga. Nilikuwa nageuza uso. Kulikuwa na kitu cha uchi katika kutazamana kule, sikukipenda.

Siku ya msafara tulikuwepo langoni asubuhi. Mzungu alipita mbele ya waliofungwa. Alipofika kwa Amuri, Amuri alimtazama, akainamisha kichwa mara moja, akatabasamu kidogo, sawasawa kama alivyofunzwa. Yule bwana akasimama. Nadhani hakumtambua. Akamuuliza tena habari ya merikani, Ramazani akafasiri, na Amuri akajibu bila kucheka, macho mbele, kwamba hakuiba. Mzungu akasema maneno kwa lugha yake, na Ramazani akayatoa bila kututazama.

"Bwana anasema, huyu iko na macho ya mutu wa kweli. Wamufungue."

Feza alishika mkono wangu mpaka kucha zikaingia. Mnyororo ulitolewa. Nilikwisha kufungua mdomo nipige vigelegele nilipoona Mzungu anamshika Amuri bega, anamgeuza huku na huku, anampima kifua. Akaletewa kofia nyekundu. Mtu mwenye macho ya namna ile, bwana alisema, anafaa kubeba bunduki. Siku ile ile Amuri akaondoka na msafara ule ule, tofauti ni kwamba sasa alitembea kando ya mnyororo. Feza alikuwa ameitoa shingo ya mwanawe katika mnyororo kwa mikono yake mwenyewe, na mikono hiyo hiyo ikawa imemkabidhi. Niliona uchungu usio na wa kumlaumu, na huo ndio unaochosha kuliko wote.

Mpunga ukavunwa, ukapandwa, ukavunwa tena. Siku moja ikasemwa askari wa Kasongo wanapita kwenda mashariki. Feza alipika wali, akaufunga katika majani, akajifunga nguo yake njema, tukasimama kando ya njia na jua linawaka. Walipita wengi sana. Kisha nikamwona Amuri, amenenepa shingo, kofia nyekundu kichwani, anatembea nyuma ya Mzungu.

"Amuri, baba," aliita Feza, akanyoosha kifurushi.

Amuri aligeuka. Alimtazama mama yake machoni, wazi, bila kupepesa. Akashusha kichwa akakiinua. Akatabasamu, meno yakaonekana. Akapita. Hakuchuchumaa, hakuweka mkono kifuani, hakusema hata yambo.

Nitasema haki. Askari aliye mstarini haruhusiwi kusema, na huenda tabasamu lile lilikuwa upendo wote aliokuwa nao mfukoni. Nilimwambia Feza hivyo tukirudi, kifurushi kingali mkononi mwake.

"Minajua," alisema. "Ni mimi nilimufundisha."

Alijua, ndiyo. Lakini mwili una masikio yake. Mama aliyetazamwa machoni na kuinamishiwa kichwa bila neno, kwetu, ni mfiwa, na Feza aliipokea salamu ile mbele ya watu wote, kutoka kwa mwanawe mwenyewe. Amuri hakurudi tena. Na Feza tangu siku ile hakumwambia mtu habari gani, wala hakutaka kuulizwa. Hicho ndicho kiburi mnachokisema.

Alasiri ile nilimwacha aingie kwake, nikakaa kwangu nikitafuta maneno. Niliyapata mengi. Nikayabeba mpaka mlangoni pake, akaniinulia macho, nami nikainamisha kichwa, nikaketi kimya. Akasogea, akanipa nafasi kwenye mkeka.